Siku Iliyoshikiliwa si Siku Iliyothibitishwa

SOMO LA VIONGOZI WA MATAWI



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo kila katibu wa tawi hulifanya kila mwezi, nalo ni kushika siku kwenye kalenda kabla ya kujua kama mkutano utakuwapo siku hiyo. Mwajiri hajajibu, afisa wa kazi wa wilaya hajasema kama ana nafasi, lakini ukumbi ni mmoja na watu wanaoutaka ni wengi. Ukingoja mpaka kila mmoja akubali, utakuta siku zote zimechukuliwa na wengine. Ukitangaza mkutano kabla hawajakubali, utawatoa watu kazini bure. Baina ya mambo hayo mawili iko njia ya tatu. Unaishikilia siku kwa muda, unawaambia wote wazi kwamba imeshikiliwa tu, na baadaye unaithibitisha au unaiachia.

Njia hii inajulikana sana. Kinachoharibika mara nyingi ni maneno. Mtu mmoja ameshikilia siku, mwenzake amesikia kwamba mkutano upo. Basi tutatazama maneno zaidi kuliko kalenda yenyewe.

Wafanyabiashara wa pwani wana neno arubuni tangu zamani. Mtu akiona bidhaa anayoitaka lakini hana fedha zote, huacha fedha kidogo, na mwenye duka humwekea. Akirudi kwa wakati hulipa zilizobaki na kuchukua mali yake. Asiporudi, bidhaa huuzwa kwa mwingine, na arubuni kwa kawaida imekwenda. Tazameni kwamba katika arubuni mambo manne yanajulikana: ni nani anayewekewa, anawekewa kitu gani, mpaka lini, na itakuwaje asipotokea. Kushikilia siku kunataka mambo hayo hayo manne. Likikosekana la tatu au la nne, hapo hamna siku iliyoshikiliwa, bali pana matumaini yaliyoandikwa kwenye kalenda.

Sasa tuangalie maneno tunayoyatumia kila siku. Katibu anaandika ubaoni: "Mkutano na meneja umepangwa Alhamisi." Neno "umepangwa" lina maana gani? Mmoja anaelewa kwamba meneja amekubali. Mwingine anaelewa kwamba sisi ndio tumepanga na meneja bado. Wote wawili wanajua Kiswahili na hakuna aliyekosea. Ndiyo maana neno hilo halifai kwenye tangazo la siku isiyo hakika. Vivyo hivyo "Mungu akipenda". Ni maneno mema na hatuyakatazi, lakini tunayasema hata kwa arusi ambayo ng'ombe wake amekwisha kununuliwa. Kwa kuwa yanasemwa kwa jambo la hakika na lisilo la hakika sawasawa, hayawezi kumwambia msikilizaji lipi ni lipi. "Labda" nalo humwambia kwamba wewe huna uhakika, lakini halimwambii afanye nini. Je, ajiweke huru siku hiyo, au achukue kibarua kingine?

Maneno yanayofaa ni yale yanayosema hali ya siku yenyewe. Siku imeshikiliwa, au imethibitishwa, au imeachiwa, na hakuna hali ya nne. Katika matangazo marefu na barua tumieni maneno hayo kama yalivyo. Lakini kwenye simu ndogo yana ubaya mmoja ambao wengi hawauoni. Simu ikionyesha kalenda ya mwezi mzima, kila siku hupata nafasi ya herufi chache tu. "Imeshikiliwa", "imethibitishwa" na "imeachiwa" yote huanza na "ime", kwa hiyo machoni pa anayetazama yote matatu huonekana kama neno moja lililokatwa. Kwa sababu hiyo ninashauri maneno mafupi yanayoanza tofauti, yawekwe mwanzo kabisa kabla ya jina la mkutano: SHIKA, HAKIKA, ACHIA. Tawi likichagua maneno mengine si kitu, mradi yawe matatu tu, yaanze kwa herufi tofauti, na yasibadilishwe kila anapochaguliwa katibu mpya.

Tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Ni mfano wa kufundishia, lakini mambo yaliyomo hutokea kila siku katika mashamba ya chai.

Tawi la shamba moja magharibi mwa Uganda linataka kuzungumza na meneja juu ya bei ya kuchuma kilo moja ya majani. Wajumbe wa wafanyakazi ni 7. Wanne ni wachumaji, wawili hufanya kazi ndani ya kiwanda, na mmoja ni dereva. Ukumbi unaofaa ni wa parokia. Afisa wa kazi wa wilaya ameombwa ahudhurie. Lipo na gari la Mzee mmoja la kuwachukua wajumbe wa kambi ya mbali. Jumatatu tarehe 2 Machi katibu anakaa chini na kuchagua siku tatu: Jumanne 17, Alhamisi 19 na Jumanne 24. Kwa nini tatu? Siku moja ni chache mno, mtu mmoja akikataa mnaanza upya. Siku sita ni nyingi mno, maana kila siku unayoishikilia unamfunga mtu mikono, na watu waliofungwa mikono kwa siku sita wataanza kuzivunja kimyakimya. Tatu zinatosha.

Ujumbe wake kwa wajumbe ni huu:

"SHIKA. Mazungumzo ya bei ya kuchuma. Siku 3: Jumanne 17, Alhamisi 19, Jumanne 24 Machi, saa 4 asubuhi (10:00). Bado si hakika, moja tu itatumika. Nitawajibu kabla ya Ijumaa 6 Machi saa 10 jioni (16:00). Usipopata jibu mpaka saa hiyo, hesabu siku zote 3 zimeachiwa. Katibu wa tawi."

Tazameni sentensi ya mwisho kabla ya jina. Hiyo ndiyo kazi ya arubuni. Inamaanisha kwamba kimya kina maana, na maana yake imesemwa mbele. Katibu akiugua, au simu yake ikizimika, hakuna mjumbe atakayebaki wiki mbili akijiuliza kama siku bado ipo. Viongozi wengine hupenda kinyume chake, yaani kimya kihesabiwe kuwa siku imethibitishwa. Kwa mkutano wa watu watatu wanaoonana kila asubuhi hilo laweza kupita. Lakini pale mfanyakazi anapoacha kazi ya siku na ujira wake, mimi sikubali kabisa athibitishiwe na kimya.

Kuna jambo jingine katika ujumbe ule. Saa imeandikwa mara mbili. Sisi tunasema saa 4 asubuhi, lakini simu inaandika 10:00. Mwenzetu anayesoma "saa 4" na kuiingiza 4 kwenye simu atapata alfajiri, au saa 10 jioni. Makosa haya hutokea zaidi kwenye saa ya mwisho ya kushikilia kuliko kwenye saa ya mkutano, kwa sababu saa ya mkutano watu huulizana, lakini saa ya mwisho kila mtu huiangalia peke yake. Wala msiandike "mpaka saa 6 usiku wa Ijumaa". Kwa wazee wetu usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kwa vijana ni ule unaoufuata. Wekeni mwisho wa kushikilia mchana, wakati ofisi ziko wazi na mtu anaweza kuuliza.

Usiku unatuletea jambo la zamu. Wajumbe wawili wa kiwandani wako zamu ya usiku wiki ile. Mkutano ni Alhamisi saa 4 asubuhi, nao hutoka kazini Alhamisi saa 12 asubuhi. Mtu aliyekesha kwenye mashine za kusaga majani hawezi kubishana juu ya bei saa nne baadaye. Kwa hiyo katibu anayeshikilia Alhamisi 19 ameshikilia pia usiku wa kuamkia Alhamisi, na lazima aandike hivyo: "SHIKA usiku wa kuamkia Alhamisi 19, wajumbe wawili wa kiwanda, ruhusa bado haijaombwa." Asipoandika, ataikumbuka siku na kuusahau usiku, na msimamizi wa kiwanda atasema hana habari, naye atakuwa na haki.

Hebu turudi kwenye wengine wanaohusika. Meneja haandikiwi kama wajumbe. Yeye hatumwambii SHIKA, kwa kuwa hatuwezi kumwamuru. Tunamwandikia barua: "Tunapendekeza moja ya siku hizi tatu. Kwa upande wetu tumezishikilia zote mpaka Ijumaa tarehe 6 Machi saa 10 jioni. Tafadhali tuambie kabla ya saa hiyo ni siku ipi unaithibitisha. Baada ya saa hiyo hatutaweza kuahidi kwamba siku hizo bado zipo." Barua hii haina ukali. Hata hivyo inamwondolea mtu nafasi ya kujibu baada ya wiki tatu kwamba alidhani siku zinamngoja. Wako waajiri wanaopenda siku isiyo na mwisho. Kila ukiuliza unaambiwa bado inaangaliwa, huku mwezi unapita. Dawa yake ni kutoshikilia siku yoyote isiyo na saa ya mwisho, na kuweka nakala ya barua yenye tarehe, ili ikifika kudai kwamba mazungumzo yamecheleweshwa, muwe na karatasi ya kuonyesha.

Padri naye ana kitabu cha ukumbi. Anaandika jina la tawi kwenye siku zote tatu kwa penseli. Mzee mwenye gari ni tofauti na Padri, kwa kuwa gari ndilo linalomlisha. Anakubali kuzishikilia siku tatu bila fedha mpaka Ijumaa ile. Baada ya hapo, anasema, akija mteja mwingine atataka arubuni. Ni haki yake. Katibu anaandika maneno hayo daftarini mbele ya jina la Mzee, maana atayahitaji.

Siku ya Ijumaa tarehe 6 inafika. Afisa wa kazi amejibu kwamba tarehe 17 ana shauri mahakamani, lakini 19 na 24 anaweza. Kutoka ofisi ya meneja imekuja simu: "Tarehe 19 ni sawa kwa sasa."

Hapa makatibu wengi hukimbilia ubaoni na kuandika kwamba mkutano upo. Lakini "ni sawa kwa sasa" si kuthibitisha. Kwa maneno hayo meneja naye ameshikilia. Tena hakusema mpaka lini. Katibu wetu anauliza maswali mawili tu: "Je, ni hakika, au mmeishikilia? Kama mmeishikilia, mnangoja nini, na mtajua lini?" Anajibiwa kwamba wanamngoja mhasibu kutoka Kampala, na watajua Jumanne tarehe 10 kabla ya mchana. Sasa ana jambo la kushika mkononi. Kabla ya saa 10 jioni ile ile anatuma ujumbe:

"ACHIA Jumanne 17 Machi. Siku hiyo haitumiki, endelea na zamu yako. Mazungumzo yenyewe bado yapo. SHIKA inaendelea kwa Alhamisi 19 na Jumanne 24, mpaka Jumanne 10 Machi saa 6 mchana (12:00). Bado si hakika."

Anawapigia pia Padri na Mzee mwenye gari, na kumwandikia afisa wa kazi. Mara moja, si Jumatatu. Tarehe 17 imekwisha kufa na hakuna faida kuiweka. Viongozi wengi ni hodari wa kuthibitisha na wavivu wa kuachia, kwa sababu siku iliyothibitishwa wataulizwa, lakini iliyosahaulika hakuna anayewauliza. Anayeumia ni mwingine. Mchumaji amekataa kubadilishana zamu kwa ajili ya siku ambayo haipo. Kwaya imekosa ukumbi uliokaa mtupu. Mwezi ujao mkiomba kushikilia tena, Padri atasema kwamba tawi lenu huchukua siku na kuziacha.

Mmeona pia kwamba ameandika "mazungumzo yenyewe bado yapo". Maneno hayo yana sababu. Katika shamba moja nililopata kutembelea, tarehe moja kati ya tatu iliachiwa, na mtu wa ofisini akabandika karatasi: "Mkutano wa mshahara umefutwa." Kesho yake wachumaji wengi hawakupeleka majani kwenye mizani, kwa kuwa walielewa kwamba mwajiri amevunja mazungumzo. Walipoteza ujira wa siku, na wajumbe walitumia nusu ya mkutano uliofuata kueleza karatasi ile. Kuachia siku, kuahirisha mkutano na kufuta mkutano ni mambo matatu. Siku ikiachiwa, ni tarehe hiyo tu imerudi kwa wenyewe. Mkutano ukiahirishwa, ulikuwa umethibitishwa na sasa umesogezwa mbele. Ukifutwa, haupo tena. Huwezi kuahirisha mkutano ambao haukuwahi kuthibitishwa. Neno lake ni kuachia.

Jumatatu tarehe 9 linatokea jambo jingine. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kinakwenda kwa Padri kuomba ukumbi Jumanne 24, na wako tayari kulipa. Padri hawafukuzi wala hatunyang'anyi. Anaandika jina lao chini ya letu, "wa pili", na kumpigia katibu.

Desturi hii ya wa kwanza na wa pili inatumika sana duniani. Wenye kumbi za muziki wa Ulaya na Amerika huendesha kalenda zao hivyo. Anayeomba tarehe kwanza ni mshikaji wa kwanza, anayefuata ni wa pili. Wa pili akiwa tayari kuthibitisha, wa kwanza huambiwa, naye hupewa muda mfupi, siku moja au zaidi kidogo, athibitishe au aachie. Uingereza mafundi wa filamu husema mtu "amewekwa kwa penseli", wa kwanza au wa pili, mpaka athibitishwe. Maana ya penseli ni ile ile ya kitabu cha Padri.

Basi Padri anamwambia katibu: "Wa pili yuko tayari. Nijibu kesho saa 6 mchana." Kwa bahati ni saa ile ile ya mwisho tuliyokuwa tumejiwekea. Ingekuwa ni mapema zaidi, katibu angekuwa na njia mbili za uungwana, kumhimiza meneja ajibu au kuiachia 24 na kubaki na 19 peke yake. Njia ambayo si ya uungwana ni kusema "tumethibitisha" ili akina mama waondoke, halafu kuiachia baadaye. Hiyo ikigunduliwa mara moja, neno HAKIKA la tawi lenu halitakuwa na thamani tena kwa Padri wala kwa mtu mwingine.

Jumanne tarehe 10, saa 5 asubuhi, ofisi ya meneja inajibu kwa maandishi: mhasibu atakuwapo tarehe 19. Katibu anatuma ujumbe mbili mbalimbali. Hauchanganyi, kwa sababu wapo wanaosoma neno la kwanza tu na kuifunga simu.

"HAKIKA. Mazungumzo ya bei ya kuchuma, Alhamisi 19 Machi saa 4 asubuhi (10:00), ukumbi wa parokia. Meneja amethibitisha kwa maandishi leo tarehe 10. Wajumbe wote 7 jibuni NIMEPATA."

"ACHIA Jumanne 24 Machi. Siku hiyo ni yenu."

Kumbukeni kuandika siku, tarehe na saa kila mara. Katika kundi la WhatsApp nimeona mtu akiandika "imethibitishwa" peke yake chini ya ujumbe wenye tarehe tatu. Ipi? Tena ujumbe hupelekwa kutoka kundi moja hadi jingine, na ukifika huko hauna ule uliotangulia. Kila ujumbe uweze kusimama peke yake.

Baada ya kutuma, kazi ya katibu haijesha. Sasa anaomba kwa msimamizi wa kiwanda ruhusa ya usiku wa kuamkia Alhamisi, na mpaka ruhusa hiyo ije, mstari ule wa daftari unabaki SHIKA ingawa mkutano wenyewe ni HAKIKA. Mkutano kuwa hakika hakufanyi vitu vyote vilivyoufuata kuwa hakika. Anampigia Mzee mwenye gari, anayetaka sasa arubuni ya tarehe 19, na mhazini anailipa na kupewa risiti. Anamfahamisha Padri, ambaye anapitisha wino juu ya penseli kwa tarehe 19, na kuwapandisha akina mama kuwa wa kwanza tarehe 24.

Juu ya daftari la tawi, fanyeni kama Padri, ila kwa kuachia msitumie raba. Pigeni mstari mmoja juu ya maneno, yaendelee kusomeka, na pembeni muandike: "Imeachiwa Ijumaa 6 Machi saa 9 alasiri, wameambiwa wajumbe 7, Padri, Mzee wa gari, afisa wa kazi." Mkifuta kwa raba, siku itaonekana kama haikuwahi kushikiliwa, na akija mtu kusema hakuambiwa hamtakuwa na jibu.

Kalenda ya simu inafanana na daftari, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba kila tukio lina alama ya kusema kama wakati huo una kazi au uko huru. Katika Google Calendar zimeandikwa `Busy` na `Free`. Siku ya SHIKA iwekeni `Busy`, la sivyo mwingine anayeitazama kalenda yenu ataiona tupu na kuwapangia jambo. Ikiachiwa, msitosheke na kubadilisha neno la mwanzo kuwa ACHIA, kwa kuwa alama itabaki `Busy` na siku itaendelea kuonekana imefungwa. Badilisheni na alama iwe `Free`. Wenye Outlook katika ofisi kuu wana alama ya tatu, `Tentative`, ambayo ndiyo maana hasa ya SHIKA. Hata hivyo neno la mwanzo liandikwe vilevile, kwa kuwa simu ya mjumbe huenda isiionyeshe alama ile.

Mtego wa pili ni jibu la `Maybe`. Mjumbe akialikwa kwa simu anaweza kujibu `Yes`, `No` au `Maybe`. Akijibu `Maybe`, ni yeye asiye na hakika kama atafika. Hilo halisemi lolote juu ya mkutano. Mkutano waweza kuwa HAKIKA huku mtu mmoja ana mashaka, au ukawa SHIKA huku wote 7 wamesema `Yes`. Katibu akihesabu `Yes` saba na kutangaza kwamba mkutano umethibitishwa, amesahau kwamba meneja hakuwa miongoni mwa hao saba.

Tena, siku inapothibitishwa, badilisheni tukio lile lile lililoandikwa SHIKA. Msiandike jipya pembeni yake. Wakiona mawili siku moja, moja SHIKA na moja HAKIKA, watauliza lipi ni la kweli. Na kuulizwa ndiyo dalili yenu. Wajumbe wawili watatu wakikupigia simu kuuliza "ile siku bado ipo?", usiwalaumu kwamba hawasomi. Fungua ujumbe wako utazame kama uliandika hali ya siku na saa ya mwisho. Dalili nyingine ni kuona daftarini SHIKA ambayo saa yake imepita. Kila Jumatatu asubuhi katibu apitishe kidole kwenye ukurasa wa mwezi, na kila SHIKA iliyopitwa na saa aiachie siku hiyo hiyo, hata kama anatumaini itafaa. Akiihitaji tena, aishikilie upya kwa saa mpya na kuwaambia watu. Kuongeza muda mara moja, kama tulivyofanya tarehe 6, kunaeleweka. Ukiongeza mara ya tatu, watu wamekwisha acha kuishika, hata kama hawajakuambia.

Ziko siku ambazo hazifai kushikiliwa kabisa. Mojawapo ni siku zilizo karibu na Idd, kwa sababu sikukuu yenyewe hungoja mwezi kuandama, na mtashikilia siku iliyokaa juu ya siku nyingine isiyojulikana. Nyingine ni siku ya kulipa mshahara, ambapo mjumbe atasema ndiyo na hatakuja.

Mwisho, kwa matawi ya mpakani yanayokutana na wenzetu wa Kongo, tuseme wa Mpondwe na wa Kasindi. Saa ya Uganda iko mbele ya saa ya Kasindi kwa saa moja. Saa 6 mchana kwetu ni saa 5 kwao. Ukiwaandikia "mpaka saa 6 mchana" tu, wao watajibu saa 6 yao na wewe utakuwa umekwisha achia siku saa nzima iliyopita. Andikeni hivi: "mpaka saa 6 mchana ya Uganda, yaani saa 5 ya Kasindi". Kwa wenzetu wa Rwanda na Burundi hesabu ni hiyo hiyo. Simu nyingi hubadilisha saa zenyewe mtu akivuka mpaka, na tukio lililoandikwa 10:00 upande huu litasomeka 9:00 upande ule. Hilo si kosa la simu. Lakini mjumbe aliyeandika kwa mkono kwenye daftari saa 4 ataondoka nyumbani kwa saa 4 yake, kwa hiyo siku moja kabla apigiwe simu na kuambiwa saa zote mbili.